Picha ya Jikoni, Taa Zikiwa Zimezimwa

Katika picha zote za sherehe ya kushtukiza, ile inayongojwa na kila mtu ndiyo huharibika kwanza. Mlango unafunguliwa, taa inawashwa, watu wanapiga kelele, mikono inapanda juu, na aliyepewa kazi ya kupiga picha naye anaruka pamoja na wenzake. Kamera ya simu iliyokuwa imezoea giza inapigwa na mwanga wa ghafla, na kabla haijajirekebisha, uso wa mwenye siku yake umeshageuka ukungu mweupe wenye meno. Mwanasaikolojia Mmarekani Paul Ekman, aliyetumia miaka mingi kuchunguza misuli ya uso wa binadamu, alieleza kwamba mshangao ndio hisia fupi kuliko zote. Nyusi hupanda, macho hutanuka, taya huanguka, na ndani ya sekunde chache yote hayo huwa yamekwisha kugeuka furaha, woga, aibu au hasira. Anayetafuta kitufe baada ya kusikia kelele keshachelewa.

Na hata ikipatikana, picha hiyo haina jipya. Mtu kashika mdomo kwa viganja viwili, maputo nyuma yake, keki mbele yake. Mwenye kuitazama ameshaona nyingine kama hiyo wiki iliyopita kwenye simu hiyohiyo.

Picha zenye hadithi zilipigwa saa moja kabla. Mtu yuko juu ya stuli anapuliza puto huku macho yamemtoka. Mwingine anakwangua jina lililoandikwa vibaya juu ya keki kwa ncha ya kisu. Watu wamechuchumaa gizani wakizibana midomo. Hizo ndizo picha za nyuma ya pazia, na wapangaji wengi wa sherehe hizi huja kugundua baadaye kwamba ndizo wanazozirudia kuzitazama. Taabu yake ni moja: hazijielezi. Picha ya mtu anayekata keki haihitaji neno. Picha ya watu waliochuchumaa jikoni gizani inaweza kuwa ya sherehe, ya wizi au ya kujificha mwenye nyumba asidai kodi. Kinachoamua ni maneno yaliyowekwa chini yake.

Hapo ndipo watu wengi huchoka. Mtu aliyeweza kutunza siri siku nne, akachangisha fedha, akapanga uongo ukapangika, akifika kwenye maelezo ya picha, au kapsheni kama vijana wanavyosema, anaandika: "Hepi bethdei kipenzi, Mungu akutunze, asanteni wote mliofanikisha." Ni maneno ya heri na hayana kosa. Lakini yanaweza kukaa chini ya picha yoyote ya bethdei yoyote, na yule aliyechuchumaa jikoni anabaki fumbo.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ni nyumba ya kupanga jijini Dar es Salaam, siku ya kazi, jioni. Marafiki na ndugu wa dada mmoja wameamua kumshtukiza nyumbani kwake mwenyewe. Rafiki yake wa karibu amepewa kazi ya kumzungusha mjini mpaka atakapoambiwa amrudishe. Uongo uliotumika ni wa kawaida kabisa, na ndiyo maana ulikubalika: wanakwenda kumsaidia mama mmoja kuhesabu hela za kikoba. Wengine wamebaki nyumbani wakipamba na kupika. Saa ilipokaribia, mmoja wao alitoka nje, akafunga mlango kwa kufuli kama ilivyoachwa asubuhi, akaenda kukaa kwa jirani. Ndani wamebaki watu kumi na mmoja, waliofungiwa kwa hiari yao.

Picha yenyewe imepigwa na mmoja wao akiwa amekaa sakafuni jikoni. Mwanga unatoka kwenye simu moja iliyofunikwa nusu kwa khanga. Wanaonekana watu sita, wengine wako gizani. Mbele, binti mmoja anauma ukingo wa mtandio wake asicheke. Kando yake kuna boksi la keki lililowekwa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na shangazi mmoja analipepea kwa kifuniko cha sufuria. Na pale chini, karibu na miguu ya mpiga picha, kuna beseni la kufulia limejaa viatu: ndala, raba, viatu vya ofisini, vyote vimerundikana.

Mtu aliyekuwepo akiiangalia picha hii anaona kila kitu. Asiyekuwepo anaona giza, watu na beseni. Kazi ya maelezo ni kumpa huyu wa pili kile ambacho lenzi haikuweza kukiona, na katika picha hii lenzi ilikosa mambo matatu. Haikuona kufuli, kwa sababu liko upande wa pili wa mlango. Haikuona saa. Wala haikumwona mwenye sherehe, ambaye wakati huo alikuwa bado yuko njiani, amesimama kwenye genge la mtaa akipatana bei ya nyanya, huku rafiki yake akimvuta mkono na kutuma ujumbe kwa siri kwamba wangoje.

Vilivyomo ndani ya picha havihitaji kusemwa tena. Kuandika "Tukiwa jikoni tunamsubiri" ni kumweleza msomaji kile anachokiona kwa macho yake. Lakini beseni la viatu ni la namna nyingine: linaonekana, ila sababu yake haionekani. Katika nyumba zetu viatu huvuliwa mlangoni, na kufuli halimdanganyi mtu ikiwa barazani kuna jozi kumi na moja. Yule aliyelikumbuka hilo dakika ya mwisho ndiye aliyeiokoa siri, au ndivyo walivyodhani wote pale jikoni.

Kabla ya kuandika, ni vizuri kukusanya ukweli ungali mbichi, maana kumbukumbu za sherehe huanza kupambwa usiku uleule. Chanzo cha kwanza ni picha yenyewe. Simu huhifadhi ndani ya faili saa ambayo picha ilipigwa, na mara nyingi hata mahali, ikiwa huduma ya kuonyesha mahali ilikuwa imewashwa. Ukiifungua picha na kutazama taarifa zake utaona 19:40, na utaandika saa 1:40 usiku. Taarifa hizo lakini hazisafiri na kila nakala. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na taarifa hizo huondolewa, kwa hiyo aliyetumiwa ataona tu saa aliyoipokea. Anayetaka nakala kamili amwombe mpiga picha aitume kama faili la nyaraka.

Chanzo cha pili ni lile kundi la WhatsApp lililofunguliwa kwa ajili ya maandalizi. Humo mna kila kitu: nani alichanga na nani aliahidi, saa keki ilipotoka kwa mwokaji, na uongo wa kikoba ulivyobuniwa baada ya uongo mwingine miwili kukataliwa. Humo pia ndimo siri huponea chupuchupu. Ajali ya kawaida ni mtu kutuma picha ya mapambo kwenye kundi la familia ambalo mwenye sherehe yumo. Ajali nyingine ni mtu kuweka kwenye stetasi yake picha ya maputo akiandika "tunamsubiri mtu", akasahau kwamba mtu huyo ana namba yake. WhatsApp ina mpangilio unaomruhusu mtu kuonyesha stetasi kwa namba zake zote isipokuwa alizozitenga, na sherehe kadhaa zimeokolewa na mpangilio huo. Vipande hivi vidogo vina thamani kuliko sifa zote za "sherehe ilifana", kwa sababu ni vya siku hiyo na vya watu hao peke yao.

Lakini visiingie vyote. Hili ni gumu zaidi kwa mpangaji kuliko kuandika kwenyewe. Yeye anajua kwamba keki ilichelewa, jenereta la jirani lilinguruma, mchango ulipungua na dada mmoja alitembea kutoka kituoni na sufuria kichwani. Akiyaweka yote chini ya picha moja, hakuna linalosikika. Picha moja hubeba siri moja. Ya hapa ni kufuli na nyanya: walio ndani hawawezi kutoka, na wa nje hana haraka. Ukiliona hilo, keki, mchango na sufuria vinasubiri picha nyingine.

Sasa sauti. Magazeti ya Kiswahili yana mtindo wake wa maelezo ya picha, na kila msomaji anaujua hata kama hajawahi kuufikiria. Mgeni rasmi akikata utepe. Mkurugenzi akikabidhi hundi ya mfano. Wa pili kulia ni mwenyekiti wa kijiji. Ile "aki" hushikilia tendo lisimalizike, na picha ndivyo ilivyo: utepe unakatwa milele na hundi haifiki mkononi. Wahariri wa picha huipenda kwa sababu ni fupi na haina ubishi. Hueleza nani, anafanya nini, wapi na lini, kisha sentensi ya pili ikatoa sababu ya tukio.

Sauti hiyo ya kiofisi, ikihamishiwa jikoni, huleta kichekesho bila jitihada. "Shangazi (wa pili kushoto) akilipepea boksi la keki kwa kifuniko cha sufuria wakati wa zoezi la kujificha." Msomaji anacheka kwa sababu ameyasikia maneno hayo yakisemwa juu ya mawaziri. Kwa mtu asiyejiamini katika kuandika, hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote: andika kama ripota wa mkoani, usitie utani wowote, acha uzito wa lugha ugongane na wepesi wa jambo. Ila mchezo huu hauchezwi zaidi ya mara moja katika albamu moja. Mara ya pili watu wanatabasamu, mara ya tatu wanapita.

Njia nyingine ni kumwambia mwenye sherehe moja kwa moja, wengine wakisikiliza. Hapa Waswahili wana mwalimu wa siku nyingi, nao ni khanga. Ndani ya mji wa khanga, juu kidogo ya pindo la chini, pana maandishi mafupi, na aliyeivaa hasemi yanamlenga nani. Mtaa mzima unasoma, lakini mlengwa anajua. Huko Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887 na kujulikana kwa khanga zenye alama ya "Mali ya Abdulla", limejengewa jina na maandishi ya namna hiyo. Mstari mmoja, usio na salamu wala maelezo marefu, unaosemwa kwa mtu mmoja mbele ya watu wote: hayo ndiyo maelezo mazuri ya picha ya rafiki. Neno "wewe" linafanya kazi ambayo "rafiki yetu mpendwa" haiwezi.

Ukichanganya hayo, rasimu ya kwanza ya picha yetu ingekuja hivi: "Hapa tulikuwa tumejifungia jikoni tukimsubiri rafiki yetu ambaye alichelewa sana kwa sababu alipita sokoni kununua nyanya, na huku sisi tumefungiwa kwa kufuli nje ili asijue kama tumo ndani." Ukweli wote umo, na utani wote umekufa. Umekufa kwa sababu ya "tulikuwa", inayoyasukuma mambo nyuma, na kwa sababu ya "kwa sababu" na "ili", ambazo zinamfafanulia msomaji jambo ambalo angependa kuligundua mwenyewe. Kichekesho kimekaa katikati ya sentensi, mwisho wake umebaki kuwa maelezo ya kufuli.

Rasimu ya pili inarudisha mambo kwenye wakati wa picha na kuondoa viunganishi: "Saa 1:40 usiku, kufuli liko nje, sisi kumi na mmoja tuko ndani. Wewe uko gengeni unabishania bei ya nyanya."

Nyanya zimekaa mwisho kwa makusudi. Msomaji anapita kwenye saa, kufuli na idadi ya watu akidhani anaelekea kwenye jambo zito, halafu anaangukia genge. Wala hakuna aliyemwambia acheke. Vikaragosi vitatu vya kucheka hadi machozi havihitajiki hapo. Vikiwekwa vinakuwa kama mtu anayesimulia kichekesho kisha anakugonga bega kuuliza umekielewa.

Urefu nao una sababu zake. Instagram inaruhusu maelezo ya hadi herufi 2,200 zikihesabiwa pamoja na nafasi, lakini mtu anayepitisha kidole haoni zote. Baada ya herufi 125 hivi, maandishi hukatwa na anayetaka kuendelea lazima agonge. Sentensi mbili zile juu zina herufi 107, kwa hiyo zinaonekana zote, pamoja na nyanya. Rasimu ya kwanza ingekatiwa mahali fulani karibu na nyanya, na kufuli lisingeonekana kabisa. Mwenye hadithi ndefu anaweza kuiendeleza chini, mradi lililo zuri liwe limeshasemwa kabla ya kukatwa. Kwenye stetasi ya WhatsApp, ambako picha hufutika baada ya saa 24 na mtazamaji huiona kwa sekunde chache, hata sentensi mbili ni nyingi; pale "Wewe uko gengeni" inatosha kwa wanaomjua.

Kuna swali ambalo picha ya mezani haiulizi sana, lakini ya jikoni huuliza kila mara: aliyemo alijua anapigwa picha? Kwenye keki watu wamejipanga, wamevaa, wamepaka. Nyuma ya pazia wako walivyo. Katika picha yetu yupo dada mmoja kwenye kona ambaye mtandio wake umeanguka mabegani, kwa kuwa jikoni kulikuwa na joto na walikuwemo wanawake watupu na kaka zake. Kwake, picha ile kwenda hadharani si jambo dogo. Yupo kijana aliyeomba ruhusa kazini akisema anaharisha, na hapo anaonekana mzima, kashika puto. Yupo mtoto wa jirani aliyekuja kuangalia keki. Mpangaji anayewapenda watu wake ataituma picha kwanza kwenye lile kundi na kuuliza, na atakayesema hapana ataondolewa kwa kukata ukingo wa picha, bila kudaiwa sababu. Wa puto, asipokuwa pembeni, ataomba picha isubiri mpaka bosi wake asahau.

Mwenye sherehe mwenyewe anastahili swali hilo zaidi ya wote, maana ndiye aliyenyimwa nafasi ya kujiandaa. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki marafiki humwagia mwenye bethdei maji, na wakorofi huongeza unga. Wengine hulifurahia jambo hilo. Wengine husubiri usiku wote ule uishe. Picha ya mtu aliyelowa, nywele alizosuka kwa saa tano zikichuruzika, ni kichekesho kwa aliyeshika ndoo. Ndiyo maana picha bora za nyuma ya pazia huwacheka wapangaji. Waliojifungia wenyewe, wakaficha viatu kwenye beseni na kupepea keki kwa kifuniko, ndio wanaochekesha. Mnunua nyanya hana lawama yoyote.

Sheria nayo ipo, ingawa kwa picha za kifamilia haiji mbio. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Sheria ya Kenya haimfuatilii mtu anayeshughulikia mambo yake ya binafsi au ya nyumbani. Hali hubadilika pale biashara inapoingia. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data wa Kenya aliutoza mgahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuwa akistarehe pale bila ridhaa yake. Kwa hiyo mwoka keki, mpambaji au mwenye ukumbi akiiomba picha ya jikoni ili aitangazie kazi yake, jibu halitoki kwa mpangaji peke yake. Kila anayetambulika kwenye picha ana lake la kusema, na la mtoto linasemwa na mzazi wake.

Je, kama hakuna aliyekumbuka kupiga picha wakati wa kujificha? Hutokea sana, kwa kuwa wote wameambiwa wazime simu. Baadhi ya watu hurudi jikoni baada ya kula, wanachuchumaa upya na kupigwa picha. Si dhambi, ila inajulikana. Watu wa marudio wanaitazama kamera, wote wanaonekana vizuri, hakuna aliyekatwa kichwa, na mashavu yao yana mafuta ya pilau. Mpiga picha Mfaransa Robert Doisneau alipata umaarufu kwa picha yake ya mwaka 1950 ya vijana wawili wakibusiana karibu na ukumbi wa jiji la Paris, na kwa miaka mingi watu waliamini kwamba ilinaswa kwa bahati. Katika miaka ya 1990 alieleza kwamba aliwaomba vijana hao waigize. Wapo waliojihisi wamedanganywa. Jikoni kwetu hasara ni ndogo, na tiba yake ni rahisi: "Marudio. Wakati wenyewe tulikuwa tunaogopa hata kupumua." Maelezo yanayokiri yanachekesha kuliko yanayojifanya.

Mpangilio wa albamu nao husaidia au kuharibu. Instagram sasa inaruhusu hadi picha 20 katika chapisho moja, na kishawishi ni kuanza na uso wa mshangao kwa kuwa ndio kilele. Lakini ukishaona kilele, jikoni panakuwa mabaki. Ikianza picha ya giza na beseni, msomaji anapewa swali, naye atapitisha kidole ili aone huyo wa nyanya alipofika. Wale wanaodhani picha ya kwanza lazima iwe nzuri wanasahau kwamba hata hadithi za bibi zilianza gizani, ndipo mtu akaja kuonekana.

Turudi kwenye keki, kwani kuna aliyeuliza kwa nini inapepewa. Imepambwa kwa krimu iliyopigwa, na krimu ya namna hiyo hushikana kwa ubaridi. Ikikaa muda kwenye jikoni la Dar lililofungwa madirisha, mafuta yake hulainika, hewa iliyonaswa ndani hutoka, na maua ya pembeni huanza kuinama. Dalili ya kwanza ni maandishi: kingo za herufi hutanuka, kisha hung'aa. Shangazi aliona hivyo, akachukua kifuniko. Krimu ya siagi ingevumilia zaidi kidogo, lakini hakuna aliyekuwa ameingiza genge kwenye hesabu. Hii ni hadithi nzuri, na inastahili picha yake: keki yenyewe mezani, baadaye, jina limeinama upande mmoja, na chini yake maneno yasiyozidi haya: "Nyanya zilikuwa za mia tano. Keki iliwasubiri."

Basi maelezo yameandikwa, waliomo wameridhia, dada wa kona ameondolewa. Kabla ya kuiweka hadharani, mpangaji alimwonyesha mwenye sherehe, kama adabu inavyotaka, naye akaisoma mara mbili. Akasema ni nzuri, ila haisemi kweli. Yeye hakuwa akibishania bei, nyanya alishalipia. Alikuwa akiwapa muda. Walipopita mara ya kwanza na gari upande wa pili wa barabara, kioo kikiwa wazi, aliliona kufuli mahali pake, baraza limefagiliwa na hakuna kiatu hata kimoja. Lakini nyumba yake, iliyofungwa tangu asubuhi, ilikuwa inanukia pilau mpaka barabarani. Ndipo akaomba wasimame gengeni, akachagua nyanya moja moja, na alipofika mlangoni akaweka viganja mdomoni kama anavyotakiwa.

Kwa maneno hayo sentensi ya nyanya haiwezi kubaki, hata kama ndiyo ilikuwa tamu. Saa ni ileile, kufuli ni lilelile, na beseni la viatu, ambalo lilikuwa limeachwa pembeni, sasa limepata kazi. Iliyokwenda hadharani kesho yake ilisomeka hivi: "Saa 1:40 usiku, kufuli liko nje, sisi kumi na mmoja tuko ndani. Viatu tulivificha. Harufu ya pilau tuliisahau."